Kuomba udhamini wa bonanza la mpira: watazamaji, faida na kiasi, hatua kwa hatua

Barua nyingi za kuomba udhamini zinaanza na "sisi vijana wa kata ya fulani tunaomba msaada wenu wa hali na mali", zinaisha na "mchango wowote utapokelewa", na hapo katikati hamna kitu. Afisa masoko anayeipokea wala hana shida na nyie, shida yake ni kwamba akiipeleka juu ataulizwa hao watu ni wangapi na ni akina nani, sisi tunapata nini, na wanataka shilingi ngapi za nini, na barua haijamjibu hata moja. Kwa hiyo inabaki mezani, nyie mnasema kampuni zina dharau.

Hapa nitaenda na mfano mmoja mwanzo mwisho, bonanza la mpira la kata kwenye uwanja wa mchangani, timu 16, mtoano. Mechi zinakuwa 16 ukihesabu na ya mshindi wa tatu, na ukicheza mbili Jumamosi mbili Jumapili unamaliza wikiendi nne, yaani siku 8. Bei nitakazoweka ni za mfano, za kwenu mtaziulizia wenyewe. Nimeandika kwa mazingira ya Tanzania, ukiwa Kenya au kwingine ofisi zitabadilika majina ila hesabu haibadiliki.

1. Hesabu watu kabla hujaandika chochote

Uwanja wa mchangani hauna geti wala tiketi, so kila mtu anaandika "watu zaidi ya elfu tano" kwa kubahatisha. Sasa elewa kwamba meneja mauzo wa soda ana watu wake wanaopita hapo kila wiki kupeleka mzigo, anaujua huo uwanja, akiona elfu tano anacheka na barua imeishia hapo.

Njia ya kuhesabu ni rahisi. Kama bonanza halijawahi kufanyika nenda siku ya mechi ya kawaida ya ligi ya mtaa hapohapo uwanjani, subiri mechi ya pili ifike kama dakika ya 20 maana ndo muda watu wamejaa, halafu pima hatua kumi kubwa pembeni ya uwanja, ni kama mita 10, uhesabu watu wote waliosimama au kukaa kwenye kipande hicho mpaka wa nyuma kabisa. Usihesabu sehemu moja tu, maana pale katikati penye kivuli cha mwembe watu wamebanana na nyuma ya goli wapo wachache. Tuseme upande wa barabarani umepata wastani wa watu 30 kila mita 10, na upande una mita 100, hao ni 300. Upande wa pili 18 kila mita 10, hao 180. Nyuma ya magoli yote mawili jumla mita 120, watu 10 kila mita 10, hao 120. Jumla 600. Piga na picha ukiwa juu ya ghorofa au hata juu ya pikapu ili mtu akibisha unamwonyesha.

Sasa hapa ndo watu wanapoharibu. 600 mara siku 8 ni 4,800, wao wanaandika "watazamaji 4,800". Hapana bana, wengi ni walewale wanarudi kila wikiendi. Andika hivi: "wastani wa watazamaji 600 kwa siku, mahudhurio 4,800 kwa siku zote 8, wengi wao wakazi wa kata wanaorudi kila wiki". Na kiukweli hiyo kurudi ni faida yako, kwa sababu mtu aliyeona bango mara nane analikumbuka kuliko aliyepita mara moja na daladala.

Namba peke yake haitoshi, lazima useme ni akina nani. Tembea na daftari uulize watu 50 hivi, unakaa wapi, unafanya kazi gani, una umri gani, na swali moja linaloihusu kampuni unayotaka kuiomba, mfano pesa zako unaweka wapi au ukiwa uwanjani huwa unanunua kinywaji gani. Hiyo ni kazi ya jioni moja. Ukiandika "kati ya watu 50 tuliowauliza, 34 wana umri chini ya miaka 30 na 15 ni bodaboda" umeshaachana na wale wote walioandika "vijana wengi watajitokeza".

2. Chagua mlango

Usiprinti barua 40 ukazisambaza mjini kama kadi za harusi. Chagua wachache ambao wateja wao ndo hao uliowahesabu, halafu jua hela iko kwa nani ndani ya kampuni.

Kampuni kubwa zina mifuko miwili tofauti. Kuna mfuko wa huduma kwa jamii, kwa mfano benki za CRDB na NMB kila moja inatenga asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi, na ukiangalia wanachotoa ni madawati, mabati, vitanda vya hospitali, vitu vya afya na elimu. Bonanza lako ukilipeleka huko linashindana na darasa lisilo na paa, na litashindwa. Halafu kuna mfuko wa masoko, huu ndo unaolipia mpira, ndo maana Ligi Kuu ya Bara ikaitwa NBC kuanzia 2021, pale hakuna msaada pale kuna biashara. Wewe unaenda kwenye mfuko wa masoko, kwa hiyo neno "msaada" liondoe kabisa kwenye barua.

Kwa bonanza la kata pia huna haja ya makao makuu. Nenda kwa msambazaji wa vinywaji wa eneo lenu, meneja wa tawi la benki lililo karibu, wakala mkubwa wa mtandao wa simu, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Hao wana malengo ya mauzo ya eneo hilohilo. Tawi likisema kiasi hicho ni kikubwa kwao watakipeleka kanda wenyewe, na barua iliyotoka tawini inasomwa tofauti na iliyotupwa mapokezi makao makuu.

Muda nao ni kitu. Msambazaji mpe wiki sita kabla ya mechi ya kwanza, kampuni inayopeleka maombi kanda au makao makuu mpe miezi mitatu. Na mwaka wa hesabu haufanani, CRDB na NMB wanafunga Desemba, Vodacom Tanzania wanafunga Machi, sasa ukienda mwezi wa mwisho wa mwaka wao mara nyingi utaambiwa bajeti imeisha, na wala hawajakudanganya.

Angalizo dogo, kama mna timu za watoto chini ya miaka 18 achaneni na kampuni za pombe na za kubeti, hata wakija wenyewe.

3. Ivunje bajeti, kila mdhamini apewe kipande chake

Mfano wetu unakula shilingi 7,000,000. Zawadi zote pamoja na za mfungaji bora na kipa bora ni 3,000,000. Marefa 60,000 kwa mechi, mechi 16, ni 960,000. Spika na emsii 80,000 kwa siku ni 640,000. Uwanja 50,000 kwa siku ni 400,000. Maji ya wachezaji katoni 10 kwa siku kwa 5,000, siku 8, ni 400,000. Ulinzi 480,000, huduma ya kwanza 320,000, mipira minne 240,000, na vibali na uchapaji 560,000.

Timu zinalipa kiingilio 100,000 kila moja, mnapata 1,600,000, na hiyo inafunika ulinzi, huduma ya kwanza, mipira, vibali na uchapaji. Bado 5,400,000. Sasa wengi wanachukua hiyo 5,400,000 wanaiandika kwenye barua zote, kila kampuni inaombwa bonanza zima. Matokeo yake hakuna anayetoa, au wawili wanatoa halafu mnaanza kugombana na wadhamini bango la nani likae mbele.

Igawe. Msambazaji wa vinywaji anaombwa zawadi 3,000,000 taslimu na katoni 80 za maji, thamani yote 3,400,000. Tawi la benki linaombwa 2,000,000 ya marefa, spika na uwanja. Jumla 5,400,000, imeisha. Kila mmoja ana kitu chake anachoweza kusema "hiki ni chetu", na hawagongani kwa sababu biashara zao ni tofauti. Wakubwa wanafanya hivyohivyo, Kilimanjaro Marathon pale Moshi miaka na miaka kilomita 42 zilibeba jina la bia ya Kilimanjaro na kilomita 21 zikabeba la Tigo, tukio moja majina mawili na hakuna aliyenuna.

Barua iseme pia nyie mnaweka ngapi. Mtu akiona timu zenyewe zimechangia 1,600,000 anajua bonanza lipo hata bila yeye, na hiyo inampa moyo wa kuingia.

4. Faida, andika kitu ambacho atakihesabu

"Kampuni yenu itatangazwa" haina maana yoyote. Jiulize huyu mtu kila mwisho wa mwezi anaulizwa nini na bosi wake. Wa soda anaulizwa kreti, wa benki anaulizwa akaunti mpya, wa mtandao anaulizwa laini zilizosajiliwa. Faida uliyoandika iguse hapo.

Kwa msambazaji wa vinywaji kitu kikubwa kuliko bango ni kuuza peke yake. Mama lishe na wauza vinywaji wote watakaopanga meza uwanjani wauze bidhaa zake tu kwa siku 8. Lakini hii usiiandike kabla hujakaa na hao wauzaji, maana yupo anayeuza pale miaka mingi na ana friji la kampuni nyingine, na siku ya fainali ukishindwa kumwondoa mdhamini atakuwa amesimama hapohapo anaangalia. Ongea nao, pata majina yao na namba, kama mmoja amekataa basi andika "vibanda vitano kati ya sita" na maisha yaendelee.

Kwa benki mpe meza ya kufungulia akaunti, na hapa uwe mahususi. Meza iwe upande wenye watu wengi, chini ya turubai, mbali na spika maana mtu hawezi kujaza fomu huku anapigiwa singeli sikioni, na pawe na mtandao mzuri kwa sababu kusajili laini au akaunti kunahitaji kusoma alama za vidole za NIDA na mashine ikizunguka dakika kumi foleni yote inarudi kuangalia mpira. Mpe na muda, emsii atamtaja mara mbili kila kipindi na mapumziko atampa kipaza sauti dakika tatu. Mapumziko ni dakika 15, usiahidi zaidi ya hapo.

Mabango nayo yasemwe kwa idadi, ukubwa na mahali. "Mabango 4 ya mita 3 kwa 1, mawili nyuma ya magoli, mawili upande wa pili wa wapiga picha." Nani anachapisha? Sema. Kama mdhamini ndo anachapisha sema hivyo, kama ni nyie iwe ndani ya bajeti, la sivyo mtajikuta wiki ya kwanza hakuna bango na kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole.

Usiahidi TV wala redio kama hujaongea nao. Na ile ahadi ya "tutawapa namba za simu za watazamaji" iache kabisa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, namba za watu sio mali yako ya kugawa. Anayetaka ofa ya benki ataenda mezani mwenyewe.

5. Barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Bajeti kamili na picha ziende kama kiambatanisho cha ukurasa mwingine mmoja au miwili, basi. Lile andiko la kurasa 20 lenye historia ya kata na dira na dhamira hakuna anayelifungua. Kwa yule wa vinywaji inaweza kukaa hivi:

*Kwa Meneja Mauzo,*

*YAH: OMBI LA UDHAMINI WA ZAWADI NA MAJI, BONANZA LA KATA YA ........, TAREHE ........*

*Kamati yetu inaandaa bonanza la timu 16 katika uwanja wa ........, Jumamosi na Jumapili kwa wikiendi nne, mechi 16. Tumehesabu wastani wa watazamaji 600 kwa siku katika uwanja huu. Kati ya 50 tuliowahoji, 34 wana umri chini ya miaka 30 na 41 walisema hununua kinywaji uwanjani.*

*Tunaomba kampuni yenu idhamini zawadi za washindi, shilingi 3,000,000, na katoni 80 za maji ya kunywa kwa wachezaji. Bajeti yote ni shilingi 7,000,000. Timu zenyewe zimechangia 1,600,000.*

*Kampuni yenu itapata: vibanda vyote sita vya uwanjani kuuza vinywaji vyenu pekee kwa siku 8 (orodha ya wauzaji waliokubali imeambatanishwa); mabango 4 ya mita 3 kwa 1 mtakayotupatia; kutajwa na mshereheshaji kila kipindi; na mwakilishi wenu kukabidhi kombe siku ya fainali. Hatutachukua mdhamini mwingine wa vinywaji.*

*Ndani ya siku 14 baada ya fainali tutawaletea ripoti ya mahudhurio, picha na mauzo ya kila kibanda.*

*Tunaomba jibu kabla ya tarehe ........ ili tuweze kuchapa ratiba yenye nembo yenu. Mwenyekiti wetu anapatikana kwa namba ........*

Angalia hiyo aya ya pili, kiasi kimetajwa mapema na kimetajwa cha nini. Watu wanaona aibu kutaja hela, wanaificha kwenye kiambatanisho, sasa msomaji anafika mwisho hajui anaombwa laki mbili au milioni ishirini. Na ile tarehe ya kujibiwa iwe na sababu yake, kuchapa ratiba ni sababu ya kweli.

6. Kufuatilia na kupatana

Peleka kwa mkono, pata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na uulize jina na cheo cha atakayeisoma. Baada ya siku tano za kazi piga simu: "Habari za kazi dada, mimi ni katibu wa bonanza la kata ya fulani, niliacha barua Jumanne iliyopita, naomba kujua kama imefika kwa meneja au kuna kitu kinapungua." Hilo swali la kinachopungua ni muhimu, mara nyingi ndo utaambiwa ukweli, labda wanataka barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kata au kwa chama cha soka cha wilaya. Kwa hiyo hizo mbili ziwe tayari mkononi.

Wakikuita, mara nyingi watasema tunaweza kutoa nusu. Usikubali palepale kwa furaha huku faida zote zinabaki vilevile, na usikatae pia. Sema "sawa meneja, kwa 1,500,000 mtadhamini zawadi ya bingwa, mabango mawili, na haki ya kuuza peke yenu inabaki kwa atakayechukua zawadi zote". Hela ikipungua na faida zinapungua, hapo wengine huwa wanarudi wenyewe kwenye kiasi cha mwanzo.

Mtego mwingine ni tisheti. Wanakwambia hela hatuna ila tunawapa tisheti 100 na kofia. Refa halipwi kwa tisheti. Ukipewa kitu badala ya hela uliza kinafuta mstari gani kwenye bajeti yako, kama hakifuti hata mmoja basi ni zawadi, pokea ushukuru lakini usimpe nafasi ya mdhamini wa zawadi kwa tisheti, bado unatafuta 3,000,000.

7. Makaratasi ya hela

Hapa bonanza nyingi zinakwama wakati mdhamini ameshakubali. Kampuni hailipi kwenye simu ya mwenyekiti. Itataka akaunti ya benki yenye jina la kikundi, cheti cha usajili, namba ya mlipakodi na invoisi, na wengine watadai risiti ya EFD ambayo kikundi chenu hakina mashine ya kuitoa. Kwa hiyo uliza siku ya kwanza ya mazungumzo: "mnalipaje na mnahitaji nini?"

Kama hamna akaunti wala usajili, bado kuna njia. Omba mdhamini alipe moja kwa moja, kombe na zawadi anunue yeye kwa profoma mliyompelekea, fedha za bingwa akabidhi yeye siku ya fainali. Hii hata kwenu ni salama zaidi, maana hakuna atakayesema kamati imekula. Ila ujue marefa wanadai jioni ileile baada ya mechi na kampuni nyingi zinalipa baada ya wiki kadhaa, sasa ile hela ya viingilio vya timu iingie kwanza mfukoni mwa kamati kabla ya mechi ya kwanza, isije ikawa mnasubiri benki huku refa amekaa juu ya mpira.

Makubaliano yaandikwe hata ukurasa mmoja, kiasi, kinalipwa lini, faida zilizokubaliwa, na mechi zikiahirishwa kwa mvua inakuwaje. Saini pande zote mbili.

8. Wakati wa mechi na ripoti

Mteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni wadhamini tu. Kila siku anafunga mabango, anapiga picha ambayo bango na umati vinaonekana pamoja (picha ya bango peke yake haimsaidii mtu), anahesabu watu dakika ya 20 kwa njia ileile ya mwanzo, na jioni anapita vibanda sita akiandika kreti ngapi zimeuzwa. Usisubiri mpaka wiki ya nne, muuzaji hakumbuki mauzo ya wiki ya kwanza.

Ripoti ni kurasa mbili tatu, ile orodha ya faida za kwenye barua na mbele ya kila moja imefanyika au haikufanyika. Wiki ya pili imenyesha wakaja watu 150? Andika 150. Kibanda kimoja kiliuza soda ya mpinzani? Andika, na useme mlifanya nini. Meneja ana watu wake walioona, bora alisikie kwako.

Ipeleke kwa mkono kwa yuleyule aliyepitisha ombi, na nakala ya PDF umtumie kwa wasap, maana hiyo ndo atakayoisambaza kwa bosi wake. Kampuni inayofunga mwaka Desemba kwa kawaida inaandaa bajeti ya mwaka unaofuata kuanzia kama Septemba au Oktoba, kwa hiyo bonanza likiisha Agosti ripoti inamkuta anapanga, na hapohapo unaweza kumwachia tarehe za mwakani na kiasi.